Mafuta yakiganda Julai si feki, lakini angalia lebo vizuri

Kila Julai baridi ikishika Nairobi, kwa grupu ya Wotsap ya ploti yetu lazima mtu atume picha ya chupa ya mafuta imekuwa nyeupe huko chini na kuuliza kama ameuziwa kitu feki. Mwaka huu alikuwa Mama Brayo wa ghorofa ya pili, na majibu yakaanza kumiminika, wengine ati yamechanganywa na nta, wengine ati arudishe dukani. Mimi nikamwambia Mama Brayo usirudishe, geuza hiyo chupa usome nyuma. Akasoma: pam oleini, yaani mafuta ya mawese yaliyochujwa. Basi ni hayo tu. Hayajaharibika, ukiyaweka karibu na jiko yanarudi maji na unapika kama kawaida. Lakini huko kuganda kunakuonyesha kitu ambacho mbele ya chupa hakijaandikwa, kwa sababu mbele imeandikwa tu mafuta ya mboga, na mboga ni neno pana sana.

Sisi tulianza kusoma lebo baada ya mzee wangu kupimwa damu na kuambiwa kolestro mbaya iko juu. Daktari hakuuliza nyama tunakula mara ngapi, aliuliza tunapikia nini.

Iko hivi. Mafuta yoyote ya kupika ni mchanganyiko wa aina mbili kubwa, yale yaliyoshiba, ndiyo lebo inayaita sachureted, na yale hayajashiba. Yaliyoshiba nyuzi zake zimenyooka kwa hivyo zinapangana karibu karibu kama kuni zilizonyooka kwa mzigo, na ndio maana yanaganda haraka. Hayajashiba nyuzi zake zina kona, hazipangiki, yanabaki maji ata kwa baridi. Mwilini sasa, yaliyoshiba yakizidi yanafanya ini lipunguze kuvuta ile kolestro mbaya kutoka kwa damu, inabaki inazunguka na polepole inajishika kwa kuta za mishipa. Ukiondoa sehemu ya hayo ukaweka yale hayajashiba mahali pake, hiyo kolestro inashuka. Nimesema mahali pake. Kumwaga mafuta ya alizeti juu ya yale ulikuwa unatumia haisaidii mtu, kwa sababu mafuta yote yananenepesha sawa, kijiko kikubwa cha mafuta yoyote ni karibu kalori 120.

Na hiyo maandishi ya "haina kolestro" isikupeleke mbio. Hakuna mafuta ya mmea yenye kolestro ya maana, ata ya mawese, ata ya nazi. Angalia lile jedwali dogo nyuma, mstari wa sachureted, kwa kila gramu 100. Pam oleini utakuta kama 45. Alizeti ni kama 11, soya kama 15, mahindi kama 13, kanola kama 7. Nazi inapita 80, na samli iko kwa 60 na kitu. Yale mafuta ya kopo yaliyoganda mwaka mzima yako upande wa juu pia, mengi yametoka kwa mawese.

Wacha nikupigie hesabu ya nyumba kama yetu, watu 5, mafuta lita 4 kwa mwezi. Lita 4 ni kama gramu 3,640, ukigawa kwa watu 5 na siku 30 kila mtu anapata kama gramu 24 kwa siku, yaani karibu vijiko vikubwa viwili. Yakiwa yote ni pam oleini, hapo ndani kuna gramu 11 za yaliyoshiba. Shirika la Afya Duniani linasema yaliyoshiba yasipite asilimia 10 ya kalori zako, ambayo kwa mtu mzima wa kalori 2,000 ni kama gramu 22. Kwa hivyo nusu ya kipimo imeisha kwa mafuta ya kupikia peke yake, na bado hujakunywa chai, na chai yetu ya Kenya ni maziwa, robo lita ya maziwa freshi yasiyopunguzwa mafuta ina kama gramu 5. Bado nyama, bado mandazi ya asubuhi ya pale kona. Watoto nao kipimo chao ni kidogo zaidi kwa sababu kalori zao ni kidogo.

Sasa badilisha, lita 3 ziwe alizeti za kupika kila siku na lita 1 ibaki pam oleini. Zile gramu 11 zinashuka mpaka chini ya 5. Alizeti ni bei, najua, na kuna miezi haiwezekani, na pale kwa duka la kupima utapata mara nyingi ni mawese tu na hakuna lebo ya kusoma. Mwezi kama huo usibadilishe aina, punguza kiasi. Lita 4 zikiwa 3 za ile ile pam oleini unatoka 11 unafika 8. Na kupunguza ni rahisi kuliko vile watu wanadhani, si lazima ule chakula kikavu, wacha tu kumwaga kutoka kwa jerikeni moja kwa moja. Sukuma ya watu 5 inatosha vijiko vikubwa 3, kitunguu kikianza kushika unaongeza maji kidogo au nyanya, siyo mafuta.

Kama huna lebo unaweza kujaribu hivi, weka mafuta kidogo kwa glasi ndani ya friji usiku mmoja. Ya mawese yatakuwa mazito na meupe, alizeti, soya na kanola zitabaki safi. Lakini si kipimo cha mwisho, kwa sababu mafuta ya zeituni pia yanaweza kuganda kwa friji na yaliyoshiba ndani yake ni kama 14 tu, alafu kuna mawese yaliyochujwa zaidi yanachelewa kuganda na bado yaliyoshiba ni mengi. Jedwali la lebo ndilo linaamua.

Kwa nini basi naacha ile lita 1 ya pam oleini? Ni ya chipsi na mandazi. Yale hayajashiba, hasa ya alizeti ya kawaida, hayapendi moto mkali wa muda mrefu, hewa inayaingilia haraka na yanaharibika, lakini mawese yanavumilia. Kwa hivyo ukikaanga na alizeti, kaanga kwa mafuta kidogo na usiyarudie rudie, ya mawese unaweza kuchuja, kufunika na kuweka mbali na mwanga utumie tena. Utajua yamechoka ukiona povu linapanda na halishuki ata baada ya viazi kutoa maji, ama yanatoa moshi kabla hujaweka kitu, ama sufuria imebaki na utando wa njano unaonata kwa kidole na hautoki na sabuni. Harufu inakuwa kama ya rangi ya kupaka mlango. Hapo usiyaongezee mapya juu ati yatengenezeke, yale mabovu yanaharibu na mapya. Yaache yapoe, mwaga kwa chupa ya plastiki, funga kifuniko na utupe na takataka, siyo kwa sinki kwa sababu yataganda kwa bomba na ploti yote italia.