Mbadala Utangulie, au Kibovu Kirudi Kwanza?

Laptopu yangu imekufa skrini, na waranti haijaisha. Kampuni inaniuliza kama nataka nitumiwe nyingine kwanza au nirudishe hii kwanza. Nichague lipi?

Ndugu yangu, anza kwa kuangalia kadi yako ya benki. Ukitanguliziwa mbadala, kampuni inakupa kifaa kizima kabla ya kupokea kibovu, na kadi yako ndiyo rehani. Kampuni nyingine huzuia kiasi cha bei nzima bila kukikata, nyingine hukikata kabisa na kukirudisha kibovu kikishafika. Kwenye kadi ya mkopo, kizuizi hupunguza tu kiwango unachoruhusiwa kukopa. Kwenye kadi inayochota moja kwa moja kwenye akaunti, pesa yako mwenyewe ndiyo inayofungwa, na malipo ya kodi ya nyumba yanaweza kukwama.

Ukirudisha kwanza hakuna rehani, ila utakaa bila laptopu siku zote za kwenda, kukaguliwa na kurudi. Kama inakupa riziki na pesa iliyozuiwa haitakuumiza, omba mbadala utangulie. Vinginevyo vumilia, rudisha kwanza.

Waliniambia nina siku 14. Nimetuma kibovu siku ya 7 baada ya kupokea kipya, na bado wamenikata bei nzima. Huu si wizi?

Uchungu wako naujua, lakini kabla ya kuwaita wezi soma barua yao uone siku zinaanzia wapi na zinaishia wapi. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapolipa mara mbili.

Tuseme mbadala ulitoka ghalani tarehe 1 ukakufikia tarehe 5. Ukahamisha mafaili yako taratibu, ukapeleka kibovu kwa msafirishaji tarehe 12. Kwako hiyo ni siku ya 7. Kwao, siku zilianza kuhesabiwa mbadala ulipotoka ghalani, na kibovu hakihesabiwi kuwa kimerudi mpaka kipokelewe. Kikikaa njiani siku 5 kinafika tarehe 17, wakati mwisho ulikuwa tarehe 15, na mfumo umeshakata wenyewe.

Waandikie leo. Taja namba ya idhini ya kurejesha na namba ya kufuatilia mzigo, ambatisha uthibitisho kwamba umepokelewa, kisha omba warudishe kiasi hicho. Wakikataa, peleka malalamiko kwa benki iliyokupa kadi, na usikawie, maana benki nazo zina ukomo wa siku za kupinga malipo. Lakini kwanza hakikisha kwamba ni malipo kweli. Kiasi kikiandikwa kuwa kinasubiri, huenda ni kile kizuizi cha mwanzo ambacho hakijafunguliwa. Wakati mwingine kizuizi na makato huonekana pamoja kwa siku kadhaa, kisha kizuizi kikaondoka chenyewe.

Wanasema nilichorudisha si kifaa chao. Nina laptopu mbili za aina moja nyumbani. Nifanyeje?

Ghalani hawaangalii sura ya kifaa, wanalinganisha namba ya mfululizo na ile waliyoandika walipokupa idhini. Geuza laptopu iliyobaki usome kibandiko cha chini. Kama ndiyo yenye namba inayotakiwa, umetuma nyingine: waeleze mara moja, omba muda uongezwe na ile nzima irudishwe.

Kama ulituma sahihi, utahitaji ushahidi. Ndiyo maana mimi hupiga picha kibandiko, kisha kifaa kikiwa ndani ya boksi, na kutunza risiti ya msafirishaji inayoonyesha uzito. Uzito huo husaidia sana pale wanapodai boksi lilifika tupu.

Chaja nayo nirudishe?

Fuata barua ya idhini. Kama mbadala umekuja bila chaja, kwa kawaida yako inabaki kwako, na ukiituma unaweza usiione tena.

Yangu ina ufa mdogo kwenye kona, lakini nina hakika si ufa ulioharibu skrini. Nikiomba mbadala utangulie kuna hatari?

Ipo, na ni kubwa. Mbadala ukitangulia, ukaguzi unafanyika ukiwa tayari umepokea kifaa chao. Fundi akiamua kwamba kilianguka au kiliingia maji, waranti haikulindi na rehani inakatwa. Umeshalipia laptopu ya kwanza, sasa unalipia ya pili. Ukirudisha kwanza, uamuzi uleule wa fundi kwa kawaida unakuja na makadirio ya gharama, nawe unaweza kukataa na kuomba kifaa chako kirudi, pengine kwa kulipia ukaguzi na usafiri tu.

Kwa hiyo wewe rudisha kwanza. Kabla ya kufunga boksi, piga picha ya ufa huo kwa karibu, na nyingine inayoonyesha skrini yenyewe haijavunjika.