Kifungu cha paneli kuu ya umeme: Fomu 4b, viwango vya mkondo na majaribio ya kiwandani

Swali: "Wahandisi, naandaa zabuni ya paneli kuu ya 400 V kwa jengo la ofisi Dar es Salaam, lenye transfoma moja ya kVA 1000. Kifungu nilichorithi kinasema tu: paneli iwe Fomu 4, ihimili 50 kA, na ijaribiwe kiwandani. Je, kinatosha, na kama hakitoshi niandike nini?"

Hakitoshi, kwa sababu mtengenezaji yeyote anaweza kukitimiza kwa maandishi na bado akakuletea paneli usiyoitaka. Nimekagua paneli nyingi kwa niaba ya wamiliki wa majengo, na tatizo ninalokutana nalo zaidi ni kwamba mambo haya matatu huandikwa kana kwamba hayahusiani. Kila ukuta unaoongeza ndani ya paneli huzuia hewa, hewa ikizuiwa joto hupanda, na joto likipanda kila breka hubeba mkondo pungufu.

Nianze na fomu, yaani namna paneli inavyogawanywa kwa kuta za ndani. Katika kiwango cha IEC 61439-2 hakuna Fomu 4 tupu; kuna 4a na 4b. Katika zote mbili basiba, yaani vyuma vikuu vinavyogawa umeme ndani ya paneli, zimetengwa na breka, na kila breka imetengwa na mwenzake. Tofauti iko mahali kebo inapoungwa: katika 4a kebo huungwa ndani ya chumba kilekile cha breka yake, na katika 4b kila kebo ina chumba chake cha kuungia, mbali na breka. Usipotaja herufi, mwenye zabuni atachagua iliyo rahisi kwake, na hutakuwa na hoja ya kumkatalia. Nyaraka za Uingereza huongeza Aina 1 hadi 7 juu ya fomu hizi. IEC haina mgawanyo huo, kwa hiyo ukiutaka lazima uutaje wazi.

Chaguo lako litokane na namna jengo litakavyotunzwa. Ikiwa mafundi watahitaji kuunga kebo mpya kwenye breka ya akiba huku ghorofa nyingine zinaendelea kupata umeme, 4b ina maana. Ikiwa jengo linaweza kuzimwa Jumapili asubuhi bila madhara, 2b, ambayo hutenga basiba bila kutenga breka moja na nyingine, yaweza kutosha, kwa bei ndogo na joto dogo. Naomba jambo moja lieleweke: kuta hizi hutakiwa angalau kuzuia kidole kisiguse sehemu yenye umeme, yaani IPXXB, na katika vyumba vilivyo jirani kuzuia vitu vya ukubwa wa IP2X visipenye. Hazikuahidi kuzuia mlipuko wa moto wa umeme usitoke chumba kimoja kwenda kingine. Kinga hiyo ina uthibitisho wake katika IEC TR 61641, na huombwa peke yake.

Sasa mkondo wa shoti. Transfoma ya kVA 1000 kwa 400 V hutoa 1,443 A. Ikiwa impidansi yake ni asilimia 5, shoti kwenye vituo vyake hufikia takriban 28.9 kA, na ukizingatia kwamba impidansi huweza kuwa pungufu kwa sehemu ya kumi, unafika 32 kA. Kwa hiyo 36 kA kwa sekunde 1, inayoandikwa Icw, inatosha, pamoja na kilele, yaani Ipk, cha 75.6 kA, maana kwa mikondo ya kati ya 20 na 50 kA IEC 61439-1 huzidisha kwa 2.1. Hiyo 50 kA uliyorithi haina hesabu nyuma yake: ni kubwa kuliko mahitaji ya transfoma moja, na haifiki kwa transfoma mbili za aina hii zikiwa sambamba, ambazo zingetoa karibu 58 kA. Kama kuna mpango wa transfoma ya pili, amua sasa kama zitaunganishwa sambamba au kama zitafungiwa zisiwahi kuunganishwa.

Mahali ambapo wamiliki huumia zaidi, hata hivyo, ni kwenye mkondo wa kila siku. Niliitwa kwenye jengo moja ambako breka ya 400 A iliyolisha mtambo wa kupoza hewa ilikuwa ikikata mchana, ilhali mkondo wake haukuzidi 320 A. Ilikuwa breka inayohisi joto, imekaa kati ya breka nyingine kumi na zaidi katika paneli ya Fomu 4. Tulipofungua mlango wa chumba chake, chini ya uangalizi, iliacha kukata. Ndipo nilipoomba hati za mtengenezaji. Zilionyesha RDF, yaani sehemu ya mkondo wake ambayo kila breka inaweza kubeba zote zikiwa na mzigo kwa pamoja, ya 0.6, ambayo ndiyo thamani ambayo kiwango hudhania kwa paneli yenye matoleo kumi au zaidi, yaani njia za kulisha mizigo, endapo mnunuzi hakusema lolote. Sasa 400 mara 0.6 ni 240 A. Mtengenezaji hakuvunja kiwango hata kidogo; aliyeandika kifungu hakuwa ametaja mzigo unaoendelea saa zote.

Chapisho la 2020 la IEC 61439-1 linatupa njia safi ya kuzuia hilo. Inc ni mkondo ambao toleo moja linaweza kubeba likiwa peke yake na majirani wake hawana mzigo, na Ing ni ule linaoweza kubeba yote yakiwa na mzigo kwa pamoja. Basi kwa kila toleo andika Ing unayoihitaji. Kwa mtambo wa namna ile ningeandika isiwe chini ya 320 A. Taja pia joto la chumba: kiwango hudhania lisizidi nyuzi 40, na wastani wa saa 24 usizidi 35. Chumba cha paneli kisicho na hewa, jirani na jenereta, Dar es Salaam mwezi Februari, kinaweza kuvuka hapo.

Kwa majaribio, tenga uthibitisho wa muundo na uhakiki wa paneli yenyewe. Kuhimili 36 kA na ongezeko la joto havijaribiwi siku unapotembelea kiwanda. Vinathibitishwa kwenye muundo, kwa hiyo dai ripoti zake pamoja na zabuni, na hakikisha zinahusu fomu ileile na IP ileile, yaani kiwango cha kinga ya kasha. Ripoti ya paneli ya Fomu 2 haithibitishi joto la Fomu 4b.

Kifungu ningekiandika hivi: "Paneli iwe kwa IEC 61439-2, Fomu 4b, basiba 1,600 A, Icw 36 kA kwa sekunde 1, Ipk 75.6 kA, Ing ya kila toleo isipungue ile ya jedwali la mizigo, katika joto la chumba la nyuzi 45. Mtengenezaji awasilishe uthibitisho wa muundo kwa fomu hiyo na kwa IP ya paneli yenyewe, na mnunuzi ashuhudie uhakiki wa kila paneli kabla haijasafirishwa."

Siku ya uhakiki, kabla ya umeme wowote, tembea na kidole cha majaribio: fungua chumba kimoja cha kebo na ujaribu kufikia basiba na kebo za jirani. Mara nyingi utakuta tundu la kupitishia waya za mita limeachwa wazi, na hapo 4b imekufa. Jaribio la insulesheni ni 1,890 V kwa sekunde 1 ikiwa Ui, yaani volti ya insulesheni ya paneli, ni kati ya 300 na 690 V. Wengine watakuletea mega, yaani kipimo cha ukinzani wa insulesheni, ya 500 V pekee, lakini kiwango huiruhusu badala ya jaribio hilo kwa paneli ambazo kinga ya kuingilia haizidi 250 A tu. Yako ni kubwa mno. Kabla ya jaribio, kiungo cha nyutro na athi kiondolewe, na vizuia radi na mita za kielektroniki zitenganishwe, kisha vyote virudishwe na kukaguliwa. Jaribu kufunga breka ya transfoma na ya jenereta kwa pamoja, kwa mkono na kwa otomatiki, na uone zinakataa.

Mwisho, paneli ya ukubwa huu mara nyingi husafirishwa vipande. Maungio ya basiba yatakayofungwa eneo la kazi hayakuwepo kiwandani siku ile, kwa hiyo mkataba useme ni nani atakayeyakaza kwa spana ya torki na kurudia jaribio la insulesheni baada ya kuunganisha.