Usianze na huzuni, anza na ngoma

*"Kuna wimbo nakumbuka hali yake tu: huzuni, kama wa usiku, mwanamume anaimba taratibu. Nadhani ni wa miaka ya 70 maana una huzuni ya kizamani. Nimeanza kupitia orodha za 1970, mwaka baada ya mwaka. Nifanyeje niupate haraka?"*

Funga hizo orodha leo. Njia unayoishika mimi niliishika miaka miwili, na sikupata kitu.

Wimbo wangu nao ulikuwa wa huzuni, wa usiku, wa mwanamume. Niliusikia redioni 1991 nikiwa mtoto. Nilipomweleza mtu mmoja mwenye santuri zilizojaa chumba kizima, hakuniuliza hata swali moja. Alisema tu kwamba huzuni ya namna hiyo haikuimbwa tena baada ya 1976. Nikamwamini, nani angembishia? Nikasikiliza mamia ya nyimbo za 1967 hadi 1976, kila usiku, na kila wimbo wa taratibu ulinifanya nidhani ndio wenyewe. Hadi leo nikikumbuka namna alivyosema kwa uhakika, nakasirika. Huzuni haina mwaka! Watu wameimba kwa huzuni kila muongo, na hali unayoikumbuka mara nyingi ni ya chumba ulichokuwamo wimbo ulipopigwa.

Kilichonitoa huko ni dada yangu. Nilikuwa namwimbia kipande nilichokikumbuka, maneno sina, ngoma naipiga kwa mdomo: "pwaaa", kisha nafunga mdomo ghafla. Akaniuliza, "Mbona unaikata?" Sikuwa nimejua kwamba naikata. Nikarudia mara tatu, na mara zote tatu ikakatika palepale.

Ngoma ile ndogo ya kati ikilipuka kwa mwangwi mkubwa, halafu mwangwi ukanyamaza ghafla kabla haujafifia wenyewe, hiyo ni sauti ya studio yenye historia inayojulikana. Ilianza kuvuma kwenye albamu ya Peter Gabriel ya 1980, Phil Collins akipiga ngoma na Hugh Padgham akiwa fundi mitambo, kisha ikasambaa muongo mzima. Miaka ya 70 ngoma nyingi za studio zilizimwa makusudi kwa taulo au utepe juu ya ngozi, zikatoa "tap" fupi, kavu. Jaribu zote mbili kwa mdomo sasa hivi, uone ulimi wako unachagua ipi.

Kisha nikakumbuka kinanda chenye mlio wa kengele, kama kijiko kinachogonga glasi. Mlio ule ulienea na Yamaha DX7, iliyotoka 1983. Basi kanuni ni hii, na ndiyo ninayotaka uishike: wimbo hauwezi kuwa mkongwe kuliko sauti changa kuliko zote iliyo ndani yake. Gitaa halikusaidii, lilikuwapo zamani na lipo leo. Tafuta kitu ambacho mwaka fulani hakikuwapo bado. Hicho ndicho mpaka wako wa chini, na siku ulipousikia kwa mara ya kwanza ni mpaka wa juu. Mimi nikabaki na 1983 hadi 1991. Wiki tatu tu, nikaupata: wa 1985. Ile miaka kumi niliyoichimba haikugusa hata ukingo wake.

Sasa hatari iliyobaki. Kama uliusikia miaka kumi na tano hii ya karibuni, mpaka wako wa juu uko mbali, na wasanii wengi wamerudisha ngoma na vinanda vya miaka ya 80 makusudi. Hapo ngoma itakudanganya, uigeukie sauti ya mwimbaji. Kwenye nyimbo za wakati ule mwimbaji husikika yuko ndani ya ukumbi pamoja na vyombo, na noti ndefu huyumba kidogo kabla ya kutulia. Kwenye nyingi za sasa yuko sikioni pako, pumzi unaisikia, na noti zimenyooka kama zimepigiwa rula. Na kama sauti inaruka kutoka noti hadi noti kama ngazi, bila kuteleza, fikiria Auto-Tune, programu inayonyoosha noti za mwimbaji: ilitoka 1997, na Cher akaifanya isikike waziwazi 1998 kwenye *Believe*. Chunga pia remiksi, maana sauti inaweza kuwa ya zamani huku ngoma ikiwa imebandikwa jana.

Kwa hiyo niambie mawili: uliusikia mwaka gani mara ya kwanza, na ukiipiga ile ngoma kwa mdomo, inafifia au inakatika?