Barua kwa mwanangu: maneno ya wazee katika barua ya shukrani

"Mama, shikamoo. Video ya sherehe ya harusi yetu nimeipokea, nami nataka kuandika barua ya shukrani yenye yale waliyotuombea wazee. Maneno ni mengi na mengine hayasikiki vizuri. Nifanyeje?"

Mtwara

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Kwanza uliza umetumiwa video ipi. Ile fupi iliyokwisha kupambwa haitakufaa, kwa sababu wapiga video hukata nasaha na kufunika dua kwa muziki. Mwombe mpiga video rekodi nzima, kabla hajaifuta ili kupisha kazi nyingine, kisha waombe ndugu waliokaa karibu na spika wakutumie walizorekodi kwa simu, kwani pale vigelegele vilipoizidi sauti ya kipaza sauti, huenda simu ya shangazi yako ilinasa neno ambalo kamera iliyokuwa mwisho wa ukumbi haikulinasa.

Sikiliza mara ya kwanza bila kunukuu maneno yenyewe. Andika tu dakika, msemaji na uhusiano wake nanyi, kisha weka alama iwapo alitoa nasaha, aliomba dua au aliwatakia heri kwa kuinua glasi. Hayo matatu hayashukuriwi kwa namna moja: nasaha huonyeshwa kwamba imesikika, dua huitikiwa amina, na heri ya glasi hutosha kutajwa kwa sentensi moja, hasa kwa kuwa kelele za kugonganisha glasi humeza nusu ya yaliyosemwa.

Mara ya pili rudi kwenye zile dakika tu, punguza kasi ya video, na unukuu kila neno kama lilivyotamkwa, hata yale ya kujirudiarudia. Chukua maneno ya mjomba wako, ambayo nayakumbuka vizuri kwa kuwa nilikuwa nimesimama ubavuni pake:

"Eeh, mimi kama mjomba nasema hivi, huyu binti nimemlea, wenyewe mnajua, sasa mkikwaruzana, jamani, mkikwaruzana msikimbilie barazani, njooni kwangu, mlango wangu hauna komeo."

Ukiyaweka yote hivyo katika barua, yatamchosha msomaji na kumvunjia mzee heshima. Ukiandika tu kwamba mjomba alituasa tuishi kwa amani, umeyapoteza kabisa, kwani kila mjomba wa kila harusi husema hivyo. Ondoa "eeh" na marudio, ubakize baraza na komeo, kisha ugeuze nafsi, kwa kuwa sasa wanaosema ni ninyi: "Mjomba alituasa kwamba tukikwaruzana tusikimbilie barazani, bali twende kwake, kwa kuwa mlango wake hauna komeo." Alama za kunukuu ziweke tu pale unapoandika neno kwa neno. Usichukue nusu ya maneno ya mjomba ukaiunga na nusu ya maneno ya baba mkwe wako, hata kama sentensi itapendeza, kwani wote wawili wataisoma.

Mjomba asikose kutajwa, na awe miongoni mwa wa kwanza. Huku kwetu, kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao, mjomba ana sauti kubwa juu ya mpwa wake, na ukoo mzima utatazama umemweka wapi.

Dua ya Sheikh usiiandike kwa kufuata sikio. Aliomba ile inayojulikana ya maharusi, inayoanza "Baarakallahu laka", ambayo maana yake ni kwamba Mwenyezi Mungu akubariki, akuteremshie baraka, na awakusanye nyote wawili katika kheri. Andika maana hiyo kwa Kiswahili, na ukitaka Kiarabu chake, mwombe Sheikh mwenyewe akuandikie.

Pale ambapo bado husikii, mpigie simu msemaji umsomee ulichopata, naye atakurekebisha kwa furaha. Asipopatikana, mshukuru kwa kuja na kwa kusema nanyi, bila kumtungia maneno. Zawadi za fedha zilizotangazwa na kiasi chake usizitaje, ingawa zimo kwenye rekodi.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Unaweza kuanza hivi:

"Kwa ndugu, jamaa na marafiki. Tunawashukuru kwa michango yenu na kwa kufika kwenu. Dua ya Sheikh, kwamba Mwenyezi Mungu atukusanye katika kheri, tunaiitikia amina. Mjomba alituasa kwamba tukikwaruzana twende kwake, kwa kuwa mlango wake hauna komeo, nasi tumelipokea neno hilo."

Hapo endelea na baba mkwe wako, kisha mwenyekiti wa kamati aliyeinua glasi, ukiangalia upande wa mumeo usipungue kuliko wetu. Kabla ya kuipeleka kwa mchapaji, nitumie rasimu nimsomee bibi yako, kwa kuwa yeye ndiye anayejua vyema kila mzee huitwa kwa heshima ipi.

Mama yako