Ghorofa ya tatu baridi, ya sita joto: kagua sensa na ratiba kwanza

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye viyoyozi vya majengo makubwa, leo niwape kisa kimoja cha jengo la ofisi hapa Dar, maana malalamiko ya aina hii mtayapata sana. Ghorofa ya tatu watu wanakaa na masweta na kina dada wamejifunga khanga miguuni, ghorofa ya sita watu wanajipepea na mafaili. Maji baridi yanatoka kwenye chila moja na kila ghorofa ina AHU yake, yaani ile mashine ya kusukuma hewa.

Waliotangulia walikuwa wanacheza na `Setpoint` tu, yaani lile lengo la joto. Ya tatu wameipandisha, ya sita wameishusha mpaka 18, na hali ni ileile. Mi nikafungua BMS, ule mfumo wa kompyuta unaoendesha mitambo ya jengo, nikasoma namba bila kubadilisha kitu, nikahakikisha hakuna pointi iliyoachwa kwenye `Manual`, kwa sababu ikiwa hivyo valvu inakaa pale alipoiacha mtu na sensa haina kauli tena.

Ya tatu skrini ilisema `Room Temp` 26.4 na `Valve` 100%, lengo likiwa 25. Sasa hapo tulia ufikiri. Watu wanatetemeka lakini mfumo unaamini chumba kina joto, ndo maana umefungua maji yote. Nikachukua kipimajoto changu nikakiweka juu ya meza karibu na ile sensa ya ukutani, nikasubiri kama dakika kumi, kikasoma 19.5. Tofauti ya karibu digrii saba hiyo, kwa hiyo kosa liko kwenye kipimo na valvu inatii tu.

Wengi hapa wanaagiza sensa mpya mara moja. Ngoja kwanza. Sensa ile ni ya omu 10,000 kwenye digrii 25, na omu zinapungua joto likipanda. Nikachomoa nyaya zake kwenye kontrola nikapima na multimita nikapata karibu 9,400, ambayo kweli ni digrii 26 na ushee. Maana yake sensa ni nzima, waya ni mzima, na kontrola inasoma sawa, ila sensa yenyewe imekaa kwenye hewa ya moto. Nikafungua kifuniko, nikalowesha kidole nikakiweka nyuma yake, nikasikia kaupepo ka vuguvugu kanatoka kwenye paipu ya waya inayopita ndani ya ukuta wa nje unaopigwa na jua. Nikaziba mdomo wa paipu kwa silikoni, nikarudishia nyaya, na kwa muda wa chai tu namba ikashuka mpaka 20 hivi na valvu ikaanza kujifunga yenyewe. Hapo ndo nikarudisha lengo kwenye 23.

Ya sita nilipima vilevile, sensa na kipimajoto changu vikakubaliana, 28.5 kwa 28.7, kwa hiyo hapo sensa haina kesi. Nikauliza joto linaanza saa ngapi, dada mmoja akasema, "Asubuhi tunafurahi kabisa, shida inaanza kabla ya lunchi." Hilo jibu ni la thamani sana, tatizo lenye saa yake karibu kila mara lina ratiba nyuma yake. Kwenye grafu joto lilikaa 22 tangu alfajiri halafu saa 5 asubuhi kamili linaanza kupanda, kila siku ya kazi. Nikafungua `Schedule` nikakuta hivi:

```
Mon-Fri  ON 01:00  OFF 11:00
```

Mpangaji alikuwa ameandika kwenye fomu saa 1 mpaka saa 11, kwa saa zetu, na aliyeingiza akaandika kama alivyosoma. Mashine ilikuwa inawaka saa 7 usiku kupoza viti vitupu, inazimika saa 5 asubuhi watu wakiwa kazini, na hiyo 18 waliyoiweka isingesaidia chochote kwa sababu feni yenyewe haizunguki. Nikaweka 06:30 mpaka 17:00, ile nusu saa ya mwanzo ni ya kupoza kabla watu hawajafika, na nikahakikisha saa ya kontrola yenyewe iko sawa, kwa sababu zingine zinakaa kwenye saa ya UTC na zinakuwa nyuma yetu masaa matatu. Lengo nikalitoa 18 nikaweka 23, ningelisahau basi kesho yake ya sita nao wangekuja na masweta.

Usifunge kazi siku hiyohiyo. Niliacha grafu za ghorofa zote mbili zirekodi kila dakika 15 kwa siku tatu, ya tatu ikatulia kati ya 22.5 na 23.5, ya sita ilipanda kidogo jua la alasiri likipiga vioo vya magharibi lakini haikupita 24.