“Ada sifuri” haimaanishi bure: hesabu ya pauni 200 kutoka London hadi Kenya

Ukituma pesa nyumbani kutoka London unakatwa mara mbili. Kato la kwanza ni ada, nayo imeandikwa wazi. La pili limo ndani ya kiwango cha kubadilisha pauni kuwa shilingi, na hilo ndilo linalowapita wengi, kwa sababu risiti inakuonyesha kiwango ulichopewa bila kukwambia sokoni pauni ilikuwa shilingi ngapi.

Kwa hiyo anza na soko. Andika `GBP to KES` kwenye Google upate kiwango cha katikati, yaani kilicho kati ya bei ya kununua na bei ya kuuza. Tuseme ni 170: pauni 200 zina thamani ya shilingi 34,000.

Kampuni ya kwanza inatangaza ada sifuri na kiwango cha 164. Mama atapokea 32,800. Zimepotea shilingi 1,200, karibu pauni 7, ambayo ni asilimia 3.5. Ya pili inatoza ada ya pauni 2.99 na kiwango cha 169. Zinabaki pauni 197.01 za kubadilisha, naye anapokea kama 33,295. Zimepotea 705, asilimia 2 na kidogo. Inayotoza ada ndiyo nafuu.

Lakini tuma pauni 20 tu uone mambo yanavyogeuka. Ya kwanza inafikisha 3,280, ya pili 2,875. Ada ni ileile hata ukituma kidogo, ilhali hasara ya kiwango inakua kadiri pesa zinavyoongezeka. Kwa viwango hivi mpaka uko kwenye pauni 101 hivi: chini yake chagua ada sifuri, juu yake lipa ada. Ndiyo maana kugawa pauni 200 mara nne kwa kampuni ya pili ni kujiumiza, kwani utalipa ada nne, karibu pauni 12.

Unapolinganisha, shika jumla moja inayotoka mfukoni mwako. Programu nyingine huongeza ada juu ya zile 200, ukatwe 202.99, halafu shilingi zinazofika zionekane nyingi kuliko za mwenzake. Angalia pia kama kiwango kizuri ulichoonyeshwa ni cha mteja mpya. Cha mara ya pili huwa chini. Na wikendi, soko la fedha za kigeni likiwa limefungwa, baadhi ya kampuni hushusha kiwango zaidi ili zisipate hasara bei ikibadilika Jumatatu. Kama si dharura, linganisha tena siku ya kazi.

Mwisho, muulize mama atazitumiaje. Akienda kuzitoa kwa wakala wa M-Pesa kuna ada ya kutoa, nayo uiingize kwenye hesabu. Akilipia karo moja kwa moja kutoka kwenye simu, ada hiyo ya wakala haimhusu.