Maswali ya walio ng'ambo: kodi ya nyumba, mshahara na pesa za kununulia

"Nafanya kazi Leeds na nyumbani sijafika miaka minne. Nimenunua fleti Bamburi, inapangishwa 40,000 kwa mwezi. Kaka anasema ushuru ni asilimia 7.5. Ni kweli?"

Kwa kaka, kweli. Kwako, la. Hiyo 7.5, iliyoanza Januari 2024, ni ya mkaazi wa Kenya ambaye kodi anazopokea ni kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Asiye mkaazi hukatwa asilimia 30. Kaka angelipa 3,000 kwa mwezi. Wewe ni 12,000, na hukatwa kwenye kodi yote kabla hujatoa mshahara wa mlinzi wala rangi ya ukuta.

Anayekulipa, awe wakala au mpangaji, ndiye anayepaswa kukata na kupeleka KRA kwa namba yako ya PIN. Mdai cheti cha makato. Uingereza nako utatakiwa kuitaja kodi hiyo ya nyumba, na cheti ndicho kitakachokupunguzia ushuru wa huko. Daftari la wakala lenye "nimepokea 40,000" halitakusaidia.

"Niko Jeddah. Mke na watoto wanakaa nyumbani kwangu Kisauni, nami huja wiki tatu kila Idd. Nyumba ya pili nimeipangisha. Mimi ni mkaazi au si mkaazi?"

Ndugu yangu, hapa nenda pole pole. Sheria inasema mwenye makao ya kudumu Kenya, akikanyaga nchini siku yoyote ya mwaka huo, ni mkaazi. Asiye na makao ndiye anayehesabiwa siku, 183 kwa mwaka, au wastani wa zaidi ya 122 ukichanganya mwaka huo na miwili iliyotangulia. Nyumba ya Kisauni ni makao; ile iliyopangishwa siyo.

Basi kwenye kodi ya nyumba utapata ile 7.5, ulipe kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Lakini mkaazi hutozwa Kenya hata kwa mshahara wa kazi aliyofanya nje. Wengi hukimbilia nafuu ya kodi ya nyumba wakausahau mshahara, na mshahara ndio mzigo mkubwa. Keti na mhasibu, pasipoti mkononi, kabla hujajaza fomu ya iTax. Kule kutuma pesa nyumbani kwenyewe hakutozwi.

"Benki yataka kujua pesa za nyumba ninayonunua Mombasa zimetoka wapi. Nilikuwa namtumia shemeji kidogo kidogo kwa M-Pesa."

Kwenye karatasi, pesa hizo sasa ni za shemeji. Kusanya risiti za kila ulichotuma, hati za mshahara za miezi hiyo hiyo, na barua ya shemeji inayoeleza alichopokea na alikokipeleka, jumla zilingane. Kilichobaki kitoke akaunti yako moja kwa moja hadi akaunti ya wateja ya wakili, mkataba wa mauziano ukiwa umesainiwa kwa jina lako. Tenga pia asilimia 4 ya thamani kwa ushuru wa stempu, maana Mombasa ni mji.